Betri ya sola iliyorudishwa dukani: maswali ya wauzaji wa Lubumbashi

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wenye maduka wanaouza betri za sola za risasi zilizofungwa, zile za volti 12, hasa za Ah 100 na Ah 200. Hizi ndizo zinazorudishwa kwa wingi, ndizo zinazoleta kelele nyingi mbele ya kaunta, na ndizo ambazo muuzaji akikosea kidogo tu hasara yake inakula faida ya betri nyingine kadhaa. Maswali haya huja tena na tena kutoka kwa wauzaji wa komini za Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi, hasa umeme wa SNEL unapokatika kwa muda mrefu na kila nyumba inapotafuta betri.

Mteja amerudi na betri, anasema imekufa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye daftari la mauzo, kabla ya kugusa betri na kabla ya kuzungumzia makuta. Siku ya kuuza ulipaswa kuandika vitu vinne: namba ya betri iliyochapwa kwenye gamba lake, uzito wake kwenye mizani, volti zake kabla haijaunganishwa na chochote, na tarehe. Ukivikuta vinne hivyo, sehemu kubwa ya kesi imeshamalizika. Usipovikuta, unabaki na maneno yako dhidi ya maneno ya mteja, na watu waliosimama dukani watamwamini mteja.

Ndiyo maana nasema betri inayorudishwa huamuliwa siku ile ilipouzwa. Mizani ya kupimia magunia inatosha, na kipima volti cha kawaida kinatosha. Andika namba hizo kwenye fakitire ya mteja na kwenye nakala inayobaki kwako, kisha mwonyeshe mita mteja mwenyewe asome: "Mama, angalia, 12.8." Mtu aliyesoma mita kwa macho yake hatakuja kusema aliuziwa betri tupu.

Uzito unanisaidia nini?

Betri ya kweli ya Ah 100 ina kilo karibu 28 hadi 32, kwa sababu nguvu yake inatoka kwenye risasi iliyomo ndani, na risasi ni nzito. Ukikuta betri imeandikwa Ah 100 lakini ina kilo 19, hiyo si Ah 100, hata kama maandishi yanang'aa. Kwa hiyo mizani inakulinda mara mbili. Inakulinda na depo inayokuuzia bidhaa ya uongo, na inakulinda na mtu anayekurudishia betri nyingine yenye jina lile lile. Betri hizi zimefungwa na hazipotezi maji ya maana katika miezi michache. Ikiwa ilitoka na kilo 29.4 na imerudi na kilo 26, ujue si ile.

Nikishahakikisha ni ile yetu, niikague namna gani?

Angalia mwili kwanza. Gamba lililovimba pande zote linasema betri ilipata joto au ilichajiwa kupita kiasi. Mara nyingi kosa liko kwenye kidhibiti cha chaji, au mtu ameiunganisha moja kwa moja na paneli bila kidhibiti. Mwombe mteja alete kidhibiti hicho. Ukikuta kimepangwa kwa betri za lithiamu, umeshapata sababu. Nyufa, alama za kuanguka na ncha zilizoyeyuka kwa cheche nazo ziandike. Piga picha mteja akiwepo.

Halafu pima volti. Namba ya kwanza, betri inapoingia, haikuambii kama ni nzima au mbovu. Inakuambia tu imefika na chaji kiasi gani. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.7 hadi 12.9. Ikiwa nusu husoma karibu 12.2 au 12.3. Ikiwa tupu husoma 11.8 kushuka chini. Betri nyingi zinazorudishwa zinafika zikiwa na 11 na kitu, na muuzaji mwenye haraka anasema "imekufa" wakati ina njaa tu. Usitoe hukumu hapo.

Mpe mteja karatasi ya mapokezi inayosema wazi: "Imepokelewa kwa kupimwa, jibu baada ya siku mbili." Neno "kupimwa" liwe limeandikwa, kwa sababu mtu akiacha betri bila karatasi hiyo, moyoni mwake tayari ameshabadilishiwa.

Siku mbili za nini? Mteja hana subira.

Kwa sababu kipimo cha kweli kina hatua tatu na hakuna hata moja inayokubali kuharakishwa.

Ya kwanza ni kuijaza. Betri ya Ah 100 ichajiwe kwa ampea 10 hadi 20, mpaka volti 14.4 au zile zilizoandikwa kwenye lebo yake. Kwa chaja ya ampea 10, hesabu usiku mzima au zaidi. Kama umeme unakatika katikati, andika saa ulipokatika na uendelee ukirudi. Wauzaji wenye paneli zao juu ya duka wanapumua kidogo hapa.

Ya pili ni kuipumzisha. Itenge na chaja kwa masaa manne angalau, na ukiiacha mpaka asubuhi ni bora zaidi. Ukipima mara tu baada ya kutoa chaja utaona 13.2 ukafurahi bure, maana hiyo ni volti ya juujuu ambayo inashuka yenyewe.

Ya tatu ni taa. Chukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55. Inakula karibu ampea 4.5. Kwa betri ya Ah 100 huo ni mzigo unaokaribia sana ule ambao viwanda vyenyewe hutumia kuhesabu Ah, yaani kuimaliza betri polepole kwa masaa 20. Iwashe kwa masaa matano, izime, subiri saa moja, pima. Betri nzima itakuwa imebaki karibu 12.5. Betri mbovu itakuwa imeshuka chini ya 11.5 taa ikiwa bado inawaka, pengine ndani ya saa ya kwanza.

Kuna za katikati, ambazo hazifi lakini hazisimami vizuri. Hizo ziachie taa mpaka mita isome 10.8, halafu zidisha masaa kwa 4.5. Taa ikiwaka masaa 12, betri ina Ah 54 hivi, yaani nusu ya iliyoandikwa. Kisha ijaze siku hiyo hiyo. Betri inayolala tupu inaharibika, na safari hii kosa litakuwa lako.

Matokeo nayasomaje? Lini kosa ni la kiwanda, na lini ni la mteja?

Betri ya volti 12 ina vyumba sita ndani, kila kimoja volti 2.1 hivi. Ukiijaza vizuri, ukaipumzisha, nayo ikabaki palepale 10.5 au 10.7, chumba kimoja kimekufa. Ikiwa hilo limetokea wiki za kwanza, gamba halijavimba wala halina alama ya kuanguka, mimi naliita kosa la kiwanda na mteja abadilishiwe bila maneno. Usimzungushe. Gharama hiyo utaidai kwa aliyekuuzia.

Dalili ya pili ni betri inayojaa haraka mno. Unaiunganisha na chaja, baada ya saa moja tayari iko 14.4, unafikiri ni nzima. Ukiwasha taa inaanguka. Hiyo bamba zake zimeshikwa na ukoko wa chumvi ya risasi, kwa sababu ilikaa muda mrefu bila kujaa. Swali linalobaki ni ilikaa wapi bila kujaa, kwa mteja au kwako?

Hapa muuzaji awe mkweli. Betri inapoteza chaji hata ikiwa kwenye rafu, kama asilimia 3 kwa mwezi, na zaidi mahali penye joto. Iliyosafiri melini, ikalala depo, ikapita Kasumbalesa na kukaa kwako miezi mingi chini ya bati, inaweza kuwa imeanza kuharibika kabla mteja hajaiona. Soma tarehe ya kiwanda kwenye gamba, kisha soma volti ulizoandika siku ya kuuza. Kama uliuza ikiwa na 12.3, hasara ni ya duka. Kama uliuza ikiwa na 12.8 na imerudi baada ya miezi miwili na 11.2, iliteseka nyumbani kwa mteja.

Na dalili ya tatu, ambayo watu wengi hawaitegemei: betri inapita kipimo chote. Haina kosa lolote.

Betri imepita kipimo lakini mteja anaapa kwamba haifanyi kazi. Anadanganya?

Mara nyingi hadanganyi hata kidogo. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho.

Mama wa Katuba alinunua betri ya Ah 100 na paneli moja ya wati 100. Baada ya wiki sita amerudi: "Papa, wiki ya kwanza tulikuwa tunaangalia televisheni mpaka usiku wa manane. Sasa hata masaa matatu haifiki." Namba ni ile, uzito ni ule, kilo 29.4. Imefika na 11.7. Imejazwa, imepumzika, 12.8. Taa masaa matano, 12.5. Betri ni nzima.

Sasa muulize anawasha nini. Televisheni wati 60, dekoda 15, balbu nne za wati 7, modemu 10. Jumla ni wati 113, na ukiongeza kile ambacho inveta inakula, fanya 130. Betri ya Ah 100 kwa volti 12 ina wati-saa 1200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Hiyo ni masaa manne na nusu kwa usiku. Wiki ya kwanza familia iliivuta masaa saba, wakala wati-saa 900 hivi, mpaka inveta ikaanza kulia.

Paneli yake je? Wati 100 kwenye jua zuri la kiangazi hapa kwetu, baada ya kutoa vumbi, joto na vinavyopotea kwenye nyaya, inarudisha wati-saa kama 350 kwa siku. Mvua zikianza Novemba, kuna siku inarudisha kidogo sana. Gawa 350 kwa 130: masaa mawili na dakika arobaini. Ndicho hasa alichokisema mama. Kila jioni alikuwa anatumia kile tu paneli ilichoingiza mchana, kwa sababu akiba ya ndani iliisha wiki ya kwanza na haikurudi tena.

Ukimbadilishia betri, mpya itafanya hivyo hivyo baada ya siku chache, naye atarudi na hasira mara mbili. Anachohitaji ni paneli ya pili ya wati 100, itakayomfikisha kwenye wati-saa 700, atumie masaa yake manne na nusu kwa amani. Angalia pia kidhibiti chake: paneli mbili zinaweza kutoa ampea 11 au zaidi, kwa hiyo kidhibiti cha ampea 10 hakifai, kiwe cha 20. Na betri yake umeshaijaza, anarudi nayo nyumbani ikiwa na afya. Ukimkalisha na kalamu, ukamwandikia hesabu hii, hutapoteza mteja. Ungemwambia tu "betri ni nzima, chukua uende", ungempoteza yeye na kanisa lake lote.

Nani hasa wanatumia vibaya haki ya kurudisha, na nawazuiaje?

Wa kwanza ni anayekodi bila kusema. Ananunua Ijumaa kwa ajili ya matanga au harusi, betri inabeba spika na taa usiku mbili, Jumatatu anairudisha: "Nimebadilisha mawazo." Dawa yake ni rangi. Weka tone la rangi ya kucha juu ya bolti ya kila ncha, likiunganisha bolti na gamba. Ni vigumu kufunga waya kwenye bolti bila kulivunja. Kwenye fakitire andika: makuta yanarudishwa ndani ya siku tatu ikiwa rangi haijavunjika. Rangi ikivunjika, betri inapimwa, na inabadilishwa ikiwa tu ina kosa. Msomee kabla hajalipa. Kuandika bila kusoma ni kumtega mtu.

Wa pili ni fundi asiye mwaminifu. Ananunua betri mpya kwa jina la mteja wake, anaifunga kwingine, na kukuletea mzee wa betri mwenye jina lile lile. Wengine hubandua hata karatasi ya namba na kuihamisha. Ndiyo sababu namba ya karatasi peke yake haitoshi. Tafuta ile iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, ongeza uzito, na weka alama yako ya siri chini ya betri kwa kalamu isiyofutika. Badilisha rangi ya kalamu kila shehena, ili hata mfanyakazi wako asiweze kuiga ya zamani. Nasema hivyo kwa sababu kubadilisha betri kunaweza kufanyika ndani ya duka pia, na anayepokea betri zilizorudishwa asiwe yule yule anayezitoa stoo.

Ukigundua mchezo, usipige kelele mbele ya watu. Fungua daftari, weka betri juu ya mizani, mwache asome. "Yaya, hii ina 25.8, ile ilitoka na 29.6." Wengi wanabeba betri yao na kuondoka kimya. Na mara nyingine mteja mwenyewe hajui kwamba fundi wake ndiye aliyebadilisha. Ukimwita mwizi, umemdhulumu mtu aliyeibiwa.

Naweza kubandika "Kitu kilichouzwa hakirudishwi" nikamaliza mambo?

Unaweza kukataa mtu aliyebadilisha mawazo. Huwezi kukimbia kosa lililofichika. Sheria ya mikataba ya Kongo, ile ya dekreti ya 30 Julai 1888, inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae, na mnunuzi anaweza kuchagua kurudisha kitu na kupewa makuta, au kubaki nacho na kupunguziwa bei. Muuzaji aliyejua kasoro akanyamaza, kibandiko cha ukutani hakimfuniki.

Iliyorudishwa naiweka wapi? Naweza kuiuza tena kama mpya?

Rangi haijavunjika, volti ni zile zile za daftari au zimeshuka kwa pointi ndogo: ndiyo, irudi kwenye rafu ya mpya. Ijaze kwanza.

Iliyounganishwa hata usiku mmoja, hapana. Betri haina saa ya kuonyesha imefanya kazi kiasi gani, mnunuzi hana njia ya kujua, anakutegemea wewe tu. Iwekwe upande wa zilizotumika, na kipimo chake kiandikwe juu yake kwa herufi kubwa. Mfano: mpya unauza dola 130. Hii taa iliwaka masaa 16, kwa hiyo ina Ah 72. Asilimia 72 ya 130 ni kama dola 94, lakini maisha yaliyobaki ni mafupi na garanti utakayotoa ni ya mwezi mmoja, basi 75 au 80 ni bei ya haki. Mnunuzi wake yupo: mwenye kinyozi, mwenye kuchaji simu za watu, mtu wa balbu tatu. Andika "Ah 72" na tarehe ya kipimo. Usifute wala kubandika lebo mpya.

Chini ya Ah 50 mimi siuzi kwa mtu wa nyumbani kwa bei yoyote. Inaenda kwenye chakavu.

Sementi inakula chaji ya betri?

Hapana. Gamba la plastiki la leo halipitishi umeme kwenye sakafu. Kinachoila ni muda na joto. Pima stoo yote kila baada ya miezi mitatu, na yoyote iliyofika 12.5 ijazwe, pamoja na zile zilizorudishwa zinazosubiri uamuzi.

Depo wanakataa kunipokelea zenye kosa la kiwanda. Nifanyeje?

Wanakataa hadithi, ila vipimo vilivyoandikwa ni vigumu kuvikataa. Tuma picha ya namba kwenye gamba, picha ya mizani, na video moja isiyokatwa inayoonyesha namba, kisha mita ikisoma 10.5 baada ya kujazwa. Kubaliana nao kabla ya kununua shehena: muda wa madai ni miezi mingapi, na wanarudisha betri au wanapunguza bei ya shehena inayofuata. Kwa bidhaa iliyovuka mipaka, kupunguziwa bei ndiko kunakowezekana, kwa sababu kusafirisha kilo 30 kurudi zilikotoka kunagharimu mno.

Na zile zilizokufa kabisa?

Risasi ina bei, wanunuzi wa chakavu wanalipa kwa kilo, kwa hiyo hasara yote si hasara. Lakini uza betri ikiwa nzima, haijapasuliwa. Usikubali mtu aivunje uani kwako ili kumwaga asidi na kupunguza mzigo: asidi inaunguza, na vumbi la risasi likibaki ardhini linaingia kwenye miili ya watoto wanaocheza hapo na kuharibu akili zao. Ziweke zimesimama, juu ya plastiki, mbali na mvua, ncha zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa kunata au mpira ili zisigusane na chuma. Ukiuza, andika namba zake kwenye daftari kama "chakavu". Betri yenye namba hiyo ikirudi siku moja na fakitire mkononi, utajua ilikopitia.